Hatari ya moyo bila kipimo cha kolesteroli: hesabu niliyofanya na kaka yangu

Safu ya mwezi huu imetokana na simu ya usiku kutoka Muscat, na mwenye simu amenipa ruhusa nieleze yote ila jina lake.

Kaka yangu ana miaka 52. Yuko Oman mwaka wa kumi na tisa sasa, anauza vipuri vya magari katika duka la mtu. Mimi ni muuguzi hapa Uingereza. Siku moja aliniambia kwamba anapopandisha maboksi ghalani pumzi inamkata, kisha akacheka akasema ni uzee. Nikamuuliza lini alipima moyo mara ya mwisho.

"Mdogo wangu, nilikwenda kliniki moja binafsi mwaka juzi. Wakasema nianze na vipimo vya damu, kolesteroli na vingine. Nikauliza bei, nikatoka. Nikipata nafasi nitapima."

Miaka miwili alikuwa anasubiri nafasi. Kodi ya chumba, ada ya binti yake aliyeko chuo, pesa ya mama Tanga, vyote hivyo vilikuwa mbele ya kolesteroli. Na kwa kuwa hajapima kolesteroli, akaona hawezi kujua lolote kuhusu moyo wake. Nimeusikia usemi huo kwa wanafunzi wa Marekani wasio na bima, kwa wazee waliokuja kutembelea watoto wao kwa viza ya miezi michache, na kwa ndugu walioko Ghuba. Wote wanadhani mlango ni mmoja, na ufunguo wake ni ile chupa ndogo ya damu.

Kwanza nilimuuliza kuhusu ile pumzi. Je, kifua kinabana anapobeba mzigo, kisha kinaachia akipumzika? Maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya? Amewahi kupooza uso au mkono hata kwa dakika chache? Alisema hapana, na pumzi humkata ghorofani tu, akiwa na mzigo, baada ya sigara. Angejibu ndiyo, tusingepiga hesabu yoyote. Ningemwambia aende kwa daktari siku ile ile. Hesabu ninayoieleza hapa ni ya mtu ambaye bado hajaugua moyo wala kiharusi na anataka kujua yuko umbali gani navyo.

Kwa nini inawezekana bila damu

Kuna mji mdogo Marekani, Framingham, katika jimbo la Massachusetts. Tangu mwaka 1948 watafiti wamekuwa wakiwafuatilia wakazi wake, kizazi baada ya kizazi, wakiandika nani kaugua moyo na nani hakuugua. Mwaka 2008 walitoa kanuni mbili za kukadiria hatari ya miaka kumi ijayo. Moja inataka kolesteroli. Ya pili imeondoa kolesteroli, mahali pake ikaweka uzito ukilinganishwa na urefu, yaani ile namba inayoandikwa BMI kwenye mashine. Mengine ni umri, jinsia, namba ya juu ya presha, sigara na kisukari.

Mwaka huo huo utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa katika jarida la Lancet, uliwafuata watu zaidi ya 6,000 na kulinganisha njia hizi mbili, yenye damu na isiyo na damu. Katika kuwapanga watu, nani yuko hatarini zaidi ya nani, zilikaribiana sana.

Sababu yake si kwamba kolesteroli haina maana. Ni kwamba mzigo mkubwa wa hesabu unabebwa na umri, presha na sigara, na mtu aliyeongezeka mwili mara nyingi kolesteroli yake nayo imepanda. Ukishajua hayo mengine, kipimo cha damu kwa watu wengi husogeza jibu kidogo tu. Nitawataja baadaye wale ambao kwao hakisogezi kidogo.

Basi nikamwambia kaka: "Nipe siku tano, futi ya fundi cherehani, mzani, na mashine ya presha. Fedha usitoe."

Presha: hapa ndipo watu wengi wanapoharibu

Mwenzake wa chumbani alikuwa na mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu. Kaka alikuwa ameshajipima nayo siku ile ile, amesimama, ametoka kupanda ngazi, baada ya kahawa na sigara. Ilisoma 168 kwa 98. Alinitumia picha.

Nilimwambia aifute. Namba hiyo ilikuwa ya ngazi, kahawa na sigara kwa pamoja, na presha yake mwenyewe ilijificha humo ndani. Tukapanga hivi: asubuhi kabla ya kula na jioni kabla ya kulala, kwa siku tano. Nusu saa kabla, hakuna sigara wala kahawa. Aende haja ndogo kwanza. Akae kitini dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni bila kupandisha mguu juu ya mguu, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kwenye ngozi na si juu ya mkono wa kanzu. Asizungumze. Apime mara mbili, akiacha dakika moja katikati, na aandike zote mbili hata kama moja haimpendezi.

Hilo la mwisho lina maana yake. Watu hurudia mpaka wapate namba nzuri, kisha wanaandika hiyo peke yake.

Nilimwomba pia anioneshe kitambaa kimemkaa vipi. Kaka ana mkono mnene, na kitambaa kidogo kwenye mkono mnene husoma presha kubwa kuliko iliyopo. Chake kilikuwa na alama ya mstari, na mwisho wake uliangukia ndani ya alama. Vizuri. Mashine za kufunga kiganjani mimi sizitumii kwa hesabu hii, kwa sababu mkono ukishuka kidogo tu chini ya moyo namba inapanda.

Siku ya kwanza tuliitupa, kwa kuwa siku ya kwanza kila mtu ana wasiwasi na mashine. Siku nne zilizobaki tulizijumlisha na kugawanya. Wastani ukawa 148 kwa 92.

Tazameni tofauti hiyo: 168 ya ngazini, 148 ya kitini. Ningeingiza ile ya kwanza kwenye kanuni ingeniambia hatari ya asilimia 35. Kwa namba ya kweli jibu ni asilimia 29. Kosa la kupima lilitosha kumwongezea mtu hofu isiyo yake. Na linaweza kwenda upande wa pili pia, mtu akachagua namba moja nzuri na kujipa amani isiyo yake.

Kiuno: suruali si futi

"Kiuno changu ni 36," kaka alisema kwa kujiamini. Hiyo ilikuwa namba ya suruali, inchi 36, ambazo ni karibu sentimita 91. Lakini suruali ya mwanamume mwenye kitambi haifungwi kiunoni, inafungwa chini ya kitambi.

Nikamwelekeza. Avue shati. Aguse mbavu ya mwisho upande mmoja, kisha aguse ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na futi ipite katikati ya hizo mbili, sawa pande zote, haijabana wala haijalegea. Avute pumzi, aitoe kawaida, asome. Asivute tumbo ndani, najua wanaume.

Ikasoma sentimita 104.

Njia rahisi ya kuielewa namba hiyo ni kuilinganisha na urefu wako. Kiuno kisifike nusu ya urefu. Kaka ana sentimita 168, kwa hiyo nusu yake ni 84. Ukigawa 104 kwa 168 unapata 0.62. Hapa Uingereza mwongozo unasema 0.5 mpaka 0.59 ni hatari iliyoongezeka, na 0.6 na zaidi ni hatari kubwa. Kaka yuko kwenye kundi la mwisho.

Sasa hapa nieleze jambo linalochanganya wengi. Ile kanuni ya Framingham haiulizi kiuno, inauliza uzito na urefu. Kwa nini basi nimemvua mtu shati? Kwa sababu mzani hauoni mafuta yamekaa wapi. Mafuta ya mapajani na makalioni hayana madhara sawa na yale ya tumboni yanayozunguka ini na utumbo. Wapo watu wetu wengi wembamba wa mikono na miguu, mzani unawasifu, huku tumbo limetangulia. Kwa mtu kama huyo kanuni inaweza kusema hatari ndogo kuliko iliyopo, na kiuno ndicho kitakachonishtua. Naitumia futi kama shahidi wa pili: ikikubaliana na mzani naendelea, ikipingana nao, naiamini futi na kumhimiza apime sukari mapema. Ila siongezi asilimia kwa mkono wangu kwa sababu ya kiuno. Hiyo itakuwa kuhesabu kitambi mara mbili.

Kwa kaka vilikubaliana. Uzito kilo 82, BMI 29.

Sigara: swali lenye majibu mengi ya uongo

"Unavuta?"

"Kidogo."

"Ngapi?"

"Inategemea."

Kwa kanuni hii idadi haina nafasi. Kuna ndiyo na kuna hapana. Anayevuta nne kwa siku ni ndiyo, na anayevuta akiwa na wenzake Ijumaa tu naye ni ndiyo. Kaka huvuta kama kumi na tano.

Shisha je? Kanuni ilitengenezwa kwa wavuta sigara, lakini usiandike hapana kwa sababu tu moshi ulipita kwenye maji. Maji hayaondoi gesi ya monoksidi ya kaboni wala nikotini yote, na kikao cha saa nzima ni moshi mwingi. Kwa wanaovuta shisha kila wiki mimi naandika ndiyo.

Kisukari: hana. Aliwahi kupimwa sukari kwa tone la damu kidoleni, bure, mbele ya duka moja la dawa, na mwezi ule tulirudia akiwa hajala. Ilikuwa sawa.

Jibu, na maana yake

Mwanamume, miaka 52, presha 148 bila dawa, BMI 29, anavuta, hana kisukari. Kikokotoo cha kanuni hii kipo wazi kwenye tovuti ya utafiti wa Framingham. Unaingiza namba, unapata jibu. Kwa kaka: asilimia 29.

Maana yake ni hii. Chukua wanaume 100 waliofanana naye katika mambo hayo. Katika miaka kumi ijayo, 29 kati yao watapata tatizo la moyo na mishipa: mshtuko wa moyo, kiharusi, moyo kushindwa kazi, au mishipa ya miguu kuziba. Wengine 71 hawatapata. Haisemi kaka yuko kundi gani.

Alinyamaza kidogo. Baba yetu alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 61. Kaka akiongeza kumi juu ya 52 anapata 62. Hesabu hiyo aliifanya mwenyewe, sikumsaidia.

Kisha akauliza swali zuri kuliko yote: "Nikianza na kimoja, kipi?"

Hapo ndipo kanuni hii inapokuwa na faida hata kwa asiyependa asilimia. Nilibadilisha kitu kimoja kimoja, vingine nikaviacha kama vilivyo.

Akipunguza kilo 8, afike 74, na mengine yote yabaki vilevile, 29 inakuwa 27. Presha ikiwa 130 badala ya 148, 29 inakuwa 23. Akiwa mtu asiyevuta, uzito na presha vikibaki palepale, 29 inakuwa 15.

Sigara peke yake ilikuwa karibu nusu ya hatari yake yote. Na kaka, kama wengi wetu, alikuwa ameanza na mwisho: ameacha wali usiku, anakunywa maji ya ndimu asubuhi, na bado pakiti iko mfukoni.

Tusiudharau uzito, lakini. Mtu akipungua kilo 8 presha nayo hushuka, na sukari inakaa mbali, kwa hiyo faida yake ya kweli inapitia milango mingine ambayo mfano wangu umeifunga kwa makusudi. Na anayeacha sigara leo hawi mtu asiyevuta kesho asubuhi. Hatari ya ziada kwenye moyo hupungua kwa karibu nusu ndani ya mwaka mmoja, kisha inaendelea kushuka taratibu kwa miaka.

Kwa nini namba yako isigombane na ya jirani

Msomaji mwanafunzi ataniuliza: watu wa Framingham walikuwa Wamarekani weupe, sisi tunahusikaje? Swali la haki. Kanuni inajua kupanga nani juu nani chini karibu kila mahali, lakini asilimia yenyewe hutegemea magonjwa yalivyo katika nchi unayoishi. Mwaka 2019 zilitoka chati mpya za Shirika la Afya Duniani, zilizotengenezwa kwa kanda 21 za dunia. Watafiti walitoa mfano wa mwanamume mmoja wa miaka 60, anavuta, presha 140, kolesteroli 5, hana kisukari. Katika nchi za milima ya Andes, Amerika ya Kusini, hatari yake ni asilimia 11. Mtu huyo huyo Asia ya Kati ni asilimia 30.

Chati hizo nazo zina toleo lisilohitaji damu: umri kuanzia 40 hadi 74, jinsia, sigara, presha na BMI. Ni majedwali ya rangi. Kijani ni chini ya asilimia 5, njano ni 5 mpaka chini ya 10, rangi ya chungwa 10 mpaka chini ya 20, nyekundu 20 mpaka chini ya 30, na nyekundu iliyoiva ni 30 na zaidi. Afrika Mashariki ina jedwali lake, Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wana lao. Mama aliyeko Tanga apimwe kwa la Afrika Mashariki. Kaka aliyeishi Muscat miaka 19 namsomea la huko.

Jihadharini na kosa moja: msichukue asilimia ya Framingham mkaitafutia rangi kwenye jedwali la Shirika la Afya. Majedwali hayo yanahesabu mshtuko wa moyo na kiharusi tu, wakati Framingham inahesabu na moyo kushindwa kazi na mishipa ya miguu. Kwa hiyo Framingham mara nyingi husema kubwa zaidi. Chagua kipimo kimoja, na ukirudia mwakani tumia hicho hicho.

Mlioko Uingereza, madaktari hutumia kikokotoo kingine, QRISK3, ambacho nacho huweza kukadiria hata kama kolesteroli haijapimwa. Na kwa wenye miaka 40 hadi 74 walioko England wasio na ugonjwa wa moyo, kuna uchunguzi wa bure kila baada ya miaka mitano, na kolesteroli imo. Barua yake ikija msiitupe pamoja na matangazo ya pizza.

Mahali hesabu hii inapodanganya

Kwanza ni kwa vijana. Nilimchukua kaka na mwili wake wote, presha ile ile, sigara zile zile, nikabadilisha umri kuwa 34. Jibu: karibu asilimia 9. Kijana akiona 9 atashangilia, lakini mwili ni ule ule, miaka tu ndiyo bado. Ukiwa chini ya 40 usitazame asilimia. Tazama presha, sigara na kiuno kimoja kimoja.

Pili ni koo zenye kolesteroli ya kurithi. Ikiwa baba au kaka yako alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, basi wewe ndiye ambaye kipimo cha damu hakisogezi kidogo. Unaweza kuwa mwembamba, presha nzuri, huvuti, na hesabu ikakusifu, huku damu imejaa kolesteroli tangu kuzaliwa. Huyo akope fedha apime. Na mwenye kisukari naye asijitegemeze kwa hesabu ya nyumbani, apimwe kamili.

Tatu ni presha yenyewe. Ikiwa wastani wako uko 140 kwa 90 au zaidi siku kadhaa, hilo ni jambo la kutibiwa hata kama asilimia yako ni ndogo. Ndiyo maana sikumwambia kaka asubiri. Alikwenda kituo cha afya na karatasi yake ya siku tano, daktari akampima tena mara mbili siku tofauti, akamwanzishia kidonge kimoja cha bei nafuu.

La nne lilitugombanisha. Baada ya wiki sita presha ilikuwa 132. Kaka akaingia mwenyewe kwenye kikokotoo, akaweka 132, akabonyeza kwamba anatumia dawa, na sigara bado ndiyo. Ikamwambia 32. Alinipigia simu saa tano usiku.

"Mdogo wangu, nilikuwa 29. Dawa yako imenizidishia!"

Ilinichukua muda kumweleza. Kanuni hii ilijifunza kwa kuwatazama watu. Iliwaona watu wenye 132 kwa msaada wa dawa, na watu hao walikuwa wameishi miaka mingi na presha ya juu kabla hawajatibiwa, mishipa yao ilishachoka. Kwa hiyo ikiona neno dawa, inakumbuka historia hiyo na kuongeza. Haipimi dawa imekusaidia kiasi gani. Hilo lilipimwa kwa majaribio ya dawa zenyewe, na yanasema kushusha namba ya juu kwa 10 hupunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na mengine makubwa kwa takriban moja ya tano. Kaka ameshusha 16. Kwa hiyo tumia kanuni kabla ya kuanza dawa, ili ujue uko wapi. Ukishaanza, kinachokuongoza ni mashine ya presha.

Na mtu asiache kidonge kwa sababu ya kikokotoo. Hilo nilimwapisha.

Hivi sasa ni mwezi wa nne. Presha inakaa kati ya 128 na 134. Kiuno ni sentimita 101. Sigara zilishuka kutoka kumi na tano hadi nne, zikakaa hapo wiki nyingi, naye akawa ananiuliza kama nne ni hapana. Nilimwambia ni ndiyo. Jumanne iliyopita alinitumia picha ya kiberiti cha gesi ndani ya pipa la taka. Namngojea afike mwezi mmoja kabla sijabadilisha jibu kwenye karatasi.

Kolesteroli bado hajapima. Ataipima mwezi wa Machi, akipata malipo ya likizo.

Tukutane safu ijayo.